UZI: "Need admin approval" imewafungia wafanyakazi wote siku ya kwanza, admini keshakubali lakini bado inagoma

zamu_ya_usiku (Jumatatu, saa 3 asubuhi)

Wakuu habari za jumatatu, yangu mimi imeanza vibaya. Kampuni yetu ni ya usafirishaji, iko Dar, watu kama 140 wenye akaunti za Microsoft 365. Ijumaa mabosi wamelipia programu moja ya kupanga zamu za madereva, inaingia kwenye kalenda ya mtu na kumwekea safari zake, sasa leo ndo siku ya kwanza kuanza kuitumia. Mtu anabonyeza "Sign in with Microsoft", anaweka imeili yake, paswedi, namba ya simu inakubali vizuri kabisa, halafu badala ya kuingia anakutana na ukurasa umeandikwa "Need admin approval" na chini yake kwamba programu inahitaji ruhusa ambayo admini pekee ndo anaweza kuitoa. Kuna linki mbili tu, moja ya kuingia na akaunti ya admini na nyingine ya kurudi bila kukubali. Basi, mwisho wa safari.

Mimi niko dawati la msaada, nina User Administrator tu. Global Administrator ni bosi wangu na yuko Mwanza kwenye ukaguzi. Nimeenda kwenye Entra, Enterprise applications, nimetafuta jina la programu haipo. Haipo kabisa. Sasa naombaje ruhusa ya kitu ambacho hakipo? Simu zinaita hapa kama kituo cha polisi.

dada_stoo

Pole mkuu hata mimi imenitokea wiki iliyopita, ni ile Authenticator, ukibadilisha simu inagoma namba haziji. Futa uiweke upya kisha waambie watu wa TEHAMA wakurisetie.

zamu_ya_usiku

Hapana dada, simu zao ziko sawa, namba inakuja na wanaikubali. Kinachokwama ni baada ya hapo.

chapati_mbili

Rahisi sana hio. Bosi wako aende Entra > Enterprise applications > Consent and permissions > User consent settings, atakuta imewekwa "Do not allow user consent". Abadilishe iwe ile ya kuruhusu watumiaji wajikubalie wenyewe, asevu, dakika tano kila mtu yuko ndani. Kwetu tulifanya hivyo 2019 hadi leo hakuna shida.

MzeeWaTenanti

chapati umepiga nusu. Sehemu uliyomwelekeza ni yenyewe, na bila shaka ndo kilichowafunga. Ila dawa uliyotoa ni kung'oa mlango kwa sababu mtu mmoja kasahau funguo. Ukifungua pale huifungulii programu ya zamu peke yake, unazifungulia programu zote duniani zinazojua kuandika "Sign in with Microsoft". Halafu 2019 na leo si sawa. Tangu Novemba 2020 mtumiaji wa kawaida hawezi kujikubalia programu mpya ya nje ambayo mchapishaji wake hajathibitishwa, ikiomba zaidi ya kumtambua tu mtu na kusoma wasifu wake. Kwahiyo anaweza kufungua na bado isisaidie.

zamu, turudi kwako. Mambo mawili kwanza. Jina la mchapishaji kwenye ule ukurasa lina kitiki cha bluu au limeandikwa "unverified"? Na pili, huioni programu kwenye orodha kwa sababu bado haijazaliwa kwenu. Ile Enterprise application ni kama kivuli cha programu ndani ya tenanti yenu, na kivuli hicho kinatengenezwa mara ya kwanza mtu anapokubali. Wafanyakazi wako hawaruhusiwi kukubali, kwahiyo hakuna aliyekizaa. Utatafuta hadi jioni.

zamu_ya_usiku

Imeandikwa unverified mzee. Ni kampuni ndogo hiyo.

Na nimekuelewa hapo kwenye kivuli, nilikuwa nadhani labda nimenyimwa kuona.

MzeeWaTenanti

Sawa. Basi hapo ni admini akubali kwa niaba ya kampuni nzima, mara moja, na hahitaji kurudi Dar. Unamtengenezea linki. Fungua programu kwenye brauza ya faragha, bonyeza ingia, na KABLA hujaandika paswedi nakili anuani yote iliyoko juu, kwa sababu ukishaweka paswedi anuani inabadilika na unachotaka kinapotea. Ndani yake kuna `client_id=` ikifuatiwa na herufi na namba ndefu. Chukua hiyo, iweke hapa:

```
https://login.microsoftonline.com/jina-lenu.onmicrosoft.com/adminconsent?client_id=HIYO_NAMBA
```

Bosi aifungue, aingie na akaunti yake ya admini, atapewa orodha ya ruhusa. AISOME. Msisitizo ni huo. Akiona inaomba kalenda na wasifu tu, poa, hiyo ndo kazi yake. Akiona inaomba kusoma barua za watu au saraka yote ya kampuni, asibonyeze chochote, apige simu kwa wenye programu kwanza awaulize programu ya zamu za madereva inataka nini kwenye barua.

pwani254

Mzee hapo kwa kusoma ruhusa wacha niongezee, niko Msa na mimi iliniuma. Kuna kampuni nilikuwa nafanyia, jina naliacha, ilikuwa imefungulia kila mtu ajikubalie vile chapati anasema. Jamaa mmoja wa akaunti akapata imeili ya invoisi, akabonyeza, ikampeleka kwa login ya Microsoft ya ukweli kabisa, si feki, akaulizwa akubali programu fulani, akakubali. Ilikuwa inaomba Mail.Read na offline_access. Tukakuja kujua baadaye wateja wakianza kupata imeili za kubadilisha akaunti ya benki. Sasa kitu ilinishangaza, tulibadilisha paswedi ya yule jamaa siku hiyo hiyo tukaona tumemaliza, kumbe hatujamaliza, ile idhini ilikuwa bado imekaa pale kwa tenanti inangoja tu. Mpaka tukaenda kuitoa kwenyewe na kuzima programu. Paswedi mpya na MFA hazikugusa idhini yenyewe.

Kwa hivyo mimi hiyo ukurasa ya "Need admin approval" nikiiona siku hizi nasema asante.

chapati_mbili

Hio ni kwasababu watu wenu hawakufundishwa. Sisi tunawafundisha.

pwani254

Boss, jamaa alikuwa na digrii mbili.

zamu_ya_usiku (saa 6 mchana)

Mrejesho. Bosi kafungua linki kwenye simu, kasoma, ruhusa zilikuwa kusoma wasifu, kalenda, na ile ya kuendelea kuwa na ufikiaji. Kakubali. Ukurasa ukampeleka kwenye programu na anuani ikawa na `admin_consent=True` mwishoni. Na kweli sasa nikitafuta Enterprise applications iko pale! Imezaliwa!

Nimewatangazia watu kwenye Wasap jaribuni sasa.

zamu_ya_usiku (saa 6 na nusu)

Wakuu. Bado. Ukurasa ule ule, "Need admin approval". Nimejaribu watu wanne, brauza ya faragha, nimefuta kuki, simu, kompyuta, vyote. Bosi anasema kwake inaingia vizuri na anadhani mimi sijui kazi. Nisaidieni jamani.

chapati_mbili

Nilisema.

dada_stoo

Jaribu kusubiri masaa 24, Microsoft huwa wanachelewa.

MzeeWaTenanti

Idhini haichukui masaa 24, ni dakika chache. Kama bosi kakubali saa 6 na sasa ni saa 6 na nusu, tutafute sababu nyingine.

Ya kwanza ninayoishuku ni hii. Ile linki niliyokupa inakubali ruhusa zile tu ambazo wenye programu waliziandikisha kwenye usajili wao. Lakini programu inaweza wakati wa kuingia ikaomba ruhusa nyingine ambayo hawakuiandikisha. Hapo bosi anakuwa kakubali vitu vitatu na programu inadai vinne, na hicho cha nne ndo kinawarudisha mlangoni. Hebu linganisha. Kama una PowerShell:

```powershell
Connect-MgGraph -Scopes "Directory.Read.All"
$sp = Get-MgServicePrincipal -Filter "appId eq 'HIYO_NAMBA'"
Get-MgServicePrincipalOauth2PermissionGrant -ServicePrincipalId $sp.Id |
  Format-List ConsentType, Scope
```

Unataka kuona ConsentType imeandikwa AllPrincipals, maana yake ni kwa watu wote. Ikiwa Principal basi bosi kajikubalia mwenyewe tu.

zamu_ya_usiku

Mzee usinicheke. Nimeandika mstari wa kwanza, ikafungua brauza, nikaingia, na nikakutana na...

"Need admin approval. Microsoft Graph Command Line Tools."

pwani254

😂😂😂 nimekufa

MzeeWaTenanti

Hahaha kosa langu. Hicho chombo nacho ni programu kama programu nyingine na kinahitaji idhini yake, nilisahau kwamba kwenu mmefunga. Achana nacho. Nenda kwenye ile Enterprise application, bonyeza Permissions, kuna sehemu ya Admin consent na ya User consent. Niandikie unachoona kwenye Admin consent. Halafu niandikie na anuani ile ya mwanzo uliyonakili, yote, futa tu namba yenu.

zamu_ya_usiku

Admin consent: User.Read, Calendars.ReadWrite, offline_access, openid, profile. User consent hakuna kitu.

Anuani nimeikata mistari ili isomeke:

```
https://login.microsoftonline.com/organizations/oauth2/v2.0/authorize
  ?client_id=xxxxx
  &response_type=code
  &scope=openid profile offline_access User.Read Calendars.ReadWrite
  &prompt=consent
  &state=xxxxx
```

Nimehesabu mara mbili, vitano na vitano. Vinafanana.

MzeeWaTenanti

Vinafanana kweli, nilichoshuku mwanzo nimekosea. Lakini umenipa jibu lenyewe bila kujua. Kabla sijasema, swali moja kwa bosi wako: akiingia SASA HIVI mara ya pili au ya tatu, je anaingia moja kwa moja au anaonyeshwa tena ule ukurasa wa kukubali ruhusa?

zamu_ya_usiku

Nimempigia. Anasema kila akiingia anaulizwa akubali, anabonyeza Accept anaendelea. Alidhani ndivyo ilivyo.

MzeeWaTenanti

Basi ndo hiyo. Tazama mstari wa `prompt=consent`. Hapo programu inaiambia Microsoft: hata kama huyu mtu ameshakubaliwa, hata kama kampuni nzima imeshakubaliwa, mwonyeshe ukurasa wa kukubali upya. Bosi ni admini, akionyeshwa ukurasa anaruhusiwa kubonyeza Accept, anapita. Dereva wako naye anapelekwa ukurasa ule ule, ila kwenu mtu wa kawaida haruhusiwi kukubali chochote, kwahiyo badala ya kitufe cha Accept anaonyeshwa "Need admin approval". Idhini ya bosi iko pale na ni halali. Programu inairuka.

Ndo maana "kwangu inaingia" ya admini huwa haina maana kwenye matatizo haya. Ukitaka kupima chochote cha idhini pima na akaunti isiyo na cheo chochote.

Jaribu hivi uone: mwambie mfanyakazi mmoja abonyeze ingia, ikifika kwenye ukurasa wa Microsoft wa kuweka imeili, kwenye anuani afute `&prompt=consent` tu, vingine asiguse, kisha abonyeze Enter aendelee.

zamu_ya_usiku (saa 8)

IMEINGIA. Mzee imeingia moja kwa moja haijauliza kitu!! Dada wa mapokezi yuko ndani anaona zamu zake za wiki nzima.

Sasa siwezi kuwafundisha madereva 90 kufuta maneno kwenye anuani ya brauza kila asubuhi wakiwa stendi.

fundi_kalamu

Naingilia, mimi ni mwandishi wa programu, na nikiri dhambi: na mimi nimewahi kuiweka hiyo. Nawaambia inatoka wapi. Ukitengeneza kuingia kwa Google na unataka tokeni ya kudumu ili programu iendelee kufanya kazi mtu akiwa hayupo, mara nyingi unaambiwa weka `access_type=offline` pamoja na `prompt=consent`, kwa sababu Google hiyo tokeni anakupa pale mtu anapokubali, mara nyingine zinazofuata hakupi. Sasa mtu anamaliza ya Google, anahamia ya Microsoft, ananakili kodi yake anabadilisha anuani tu, na `prompt=consent` inahama nayo kama kupe kwenye ng'ombe. Kwa Microsoft haina kazi. Ukishaomba `offline_access` kwenye scope tokeni unaipata.

Na hawaoni tatizo kwa sababu wanapima kwenye tenanti yao wenyewe wakiwa maadmini, au kwenye tenanti isiyofungwa ambako mtu anabonyeza tu Accept. Waandikie wenye programu hivi, ni mstari mmoja watautoa: "toeni prompt=consent kwenye ombi la authorize, tumeshatoa idhini ya admini." Usiwaandikie "haifanyi kazi", watakujibu ufute kuki.

zamu_ya_usiku

Walishanijibu hivyo saa 4 😅

chapati_mbili

Sawa nakubali kwenye hilo sikujua. Ila wakati anawasubiri wenye programu, si bado angefungua watu wajikubalie hata kwa siku tatu kisha afunge? Ukurasa ungetokea, dereva angebonyeza Accept, kazi ingeendelea.

MzeeWaTenanti

Kwa mantiki uko sahihi safari hii, kitufe kingetokea. Shida mbili. Ya kwanza nimeitaja, mchapishaji hana kitiki, programu ni mpya na inaomba kalenda, kuna uwezekano mkubwa Microsoft ingewarudisha kwa admini hata mlango ukiwa wazi. Ya pili siku tatu zina tabia ya kuwa miaka mitatu, sijui kwenu.

Kuna njia ya katikati, unaweza kuandika sera ya idhini inayosema watumiaji wajikubalie programu HII tu, kwa namba yake, na nyingine zote zibaki zimefungwa. Nimeifanya mahali pengine ikafanya kazi, ila programu ile ilikuwa na kitiki cha bluu. Kwa isiyo na kitiki sijaijaribu na sitaki kumtuma zamu akaguse sera za tenanti nzima kwa jambo nisilokuwa na hakika nalo, maana ukikosea kuandika pale unaweza kufuta na zile sera zilizokuwepo.

fundi_kalamu

Mimi nilisikia hata ikiwa imeruhusiwa kwa namba bado ile hukumu ya Microsoft kwamba programu ni ya hatari inaweza kuikamata. Mwenye kujua atuambie.

pwani254

Na ile ya "Let Microsoft manage your consent settings"? Kwetu ndio tuko nayo, na tangu katikati ya 2025 watu wanazuiliwa kwa programu za kugusa Files na Sites ambazo zamani walikuwa wanajikubalia tu. Nilidhani ni mtu kaguza setting usiku.

MzeeWaTenanti

Ndiyo, hiyo waliibadilisha wenyewe Julai 2025, ukiwa umeacha Microsoft wakuamulie basi wanaamua kweli. Zilizokuwa zimeshakubaliwa ziliendelea, wanaokwama ni wapya. Ndo maana unaona mfanyakazi wa zamani anatumia vizuri na aliyeajiriwa jana anakutana na ukuta, na wote wako ofisi moja. Mtu asiyejua anaanza kutafuta tofauti kwenye kompyuta zao.

zamu_ya_usiku (Jumatano)

Wakuu nimerudi. Wenye programu nimewaandikia maneno ya fundi_kalamu neno kwa neno, jana jioni wamejibu wametoa, leo asubuhi nimeangalia anuani `prompt=consent` haipo. Madereva wanaingia. Bosi kaulizwa? Hapana, naye kaingia moja kwa moja, akanipigia kuniuliza mbona haimuulizi tena, imeharibika? 😂

Ila kuna watu sita hawaingii na ujumbe wao ni mwingine, AADSTS50105. Wote wa karakana.

chapati_mbili

Hapo ni leseni.

MzeeWaTenanti

Siyo leseni. 50105 ni kwamba mtu hajapangiwa programu. Mmoja wenu kaenda kwenye Properties za ile Enterprise application akaweka "Assignment required?" iwe Yes. Ni bosi?

zamu_ya_usiku

Ni bosi, baada ya kusoma kisa cha pwani254 humu. Kaongeza kundi la "Wafanyakazi wote" kwenye Users and groups. Na karakana wamo kwenye kundi hilo nimeangalia.

MzeeWaTenanti

Wamo moja kwa moja, kwa majina yao, au wamo kwa sababu kundi la Karakana limewekwa ndani ya kundi la Wafanyakazi wote?

zamu_ya_usiku

...kundi ndani ya kundi.

MzeeWaTenanti

Haiingii ndani. Kupanga programu kwa kundi kunawahesabu walio kwenye kundi hilo wenyewe tu, kundi lililomo ndani halionekani. Ongezeni kundi la Karakana lenyewe kwenye programu.

Na kumbuka ukishaweka Yes pale, mtumiaji hawezi tena kujikubalia programu hiyo hata kama mipangilio ya tenanti inaruhusu, lazima idhini iwe ya admini. Kwenu mmeshaitoa kwahiyo haiwasumbui, nasema kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa wameweka Yes na hawajatoa idhini, watakuja kulia hapa hapa.

zamu_ya_usiku

Karakana wameingia wote. Asante sana mzee.

Swali la mwisho, bosi hataki tena kupigiwa simu akiwa safarini kutafutiwa linki. Kuna namna ombi limfuate lenyewe?

MzeeWaTenanti

Ipo, kwenye Consent and permissions kuna Admin consent settings, awashe ile ya watumiaji kuomba idhini ya admini kwa programu wasizoweza kujikubalia. Kuanzia hapo mfanyakazi akigonga ukuta haoni tena linki mbili za kukata tamaa, anaona kisanduku cha kuandika sababu na kitufe cha kutuma ombi. Kuwasha lazima awe Global Administrator, na inaweza kuchukua hadi saa moja ndipo ianze.

Kinachowapotosha wengi ni hiki: akikuweka wewe kama mkaguzi wa maombi hajakupa nguvu ya kukubali. Utapokea imeili, utaona ombi, ukibonyeza kukubali itakugomea, kwa sababu ukaguzi si cheo. Akupe na Cloud Application Administrator, hiyo inatosha kwa ruhusa za aina hii zinazofanya kazi kwa niaba ya mtu aliyeingia. Zile za programu kujiendesha yenyewe usiku bila mtu, upande wa Microsoft Graph, hutaweza kuzikubali, na ni vizuri usiweze. Na akikuongeza baadaye, maombi ya kabla ya hapo hutayashughulikia, utaanza na mapya.

dada_stoo

Jamani mimi Authenticator yangu bado haijapona na nimesoma uzi wote.

pwani254

Dada fungua uzi wako tutakuja, hapa umeingia matanga ya watu wengine.

zamu_ya_usiku (Ijumaa)

Imewashwa, nimepewa cheo, na ombi la kwanza limeingia leo saa 5. Mtu wa masoko. Programu ya "kubadilisha PDF", unverified, inaomba Mail.ReadWrite, Files.ReadWrite.All na offline_access. Kwenye sababu kaandika: "nimeambiwa nibonyeze".

Nimempigia kaambiwa na nani, anasema imeili. Nimepeleka kwa bosi. Sasa kwenye ombi kuna Deny na kuna Block, nibonyeze ipi?

MzeeWaTenanti

Deny ni kukataa leo, kesho yeye au mwenzake anaweza kuomba tena. Block inaitengenezea kile kivuli kwenye tenanti yenu kikiwa kimezimwa, na hakuna wa kuomba tena. Hiyo ni Block. Na hiyo imeili aliyotumiwa itafute imewafikia wangapi wengine.

zamu_ya_usiku

Kumi na moja. Naenda.